Bosi Anapotaja Malengo Matatu ya Mwaka Mpya

Wiki ya kwanza ya Januari watu wamerudi kutoka kijijini na uchovu wa safari, mfuko umetoboka, na ada za shule zinangoja. Ndipo tangazo linapobandikwa ukutani: kesho saa nne asubuhi wafanyakazi wote wakusanyike kantini, mkurugenzi ana mazungumzo. Viti vya plastiki vinapangwa, kipaza sauti kinapimwa, soda zinatiwa kwenye barafu. Mkurugenzi anaanza kwa kumshukuru Mungu, anapitia mwaka uliokwisha, kisha anataja malengo matatu ya mwaka mpya. Nusu ya ukumbi inasubiri neno moja tu, nyongeza. Lisipotajwa, makofi yanakuwa ya adabu.

Ni haki yao kulisubiri. Lakini hotuba ile, ukiisikiliza vizuri, inakwambia mapema kama nyongeza itawezekana, na hata kama kazi yenyewe itakuwepo Desemba. Ili tuone inavyosema hayo, twende Korea Kusini na Japani. Huko hotuba za wakuu wa kampuni kubwa huandikwa magazetini, malengo pamoja na tarakimu zake, hivyo mtu anaweza kukaa na hotuba ya mwaka huu mkono mmoja na ya mwaka uliopita mkono wa pili, akalinganisha.

Tuanze na Hyundai, ambayo katika kundi lake imo pia Kia. Kwa miaka mingi mwenyekiti wake, Chung Mong-koo, alikuwa na desturi ya kutaja katika ujumbe wake wa mwaka mpya idadi ya magari ambayo kundi zima lingeuza mwaka huo. Mwaka 2014 walivuka magari milioni 8 kwa mara ya kwanza. Januari 2015, furaha ikiwa bado mbichi, mwenyekiti akataja milioni 8.2. Mwaka ukaisha kwa milioni 8.01. Januari 2016 lengo likashushwa kidogo hadi milioni 8.13, mauzo yakawa milioni 7.88. Ungetegemea Januari iliyofuata lengo lishuke tena. Wapi! Likapandishwa hadi milioni 8.25, na mwaka huo wa 2017 wakauza milioni 7.25, yaani pungufu kwa magari milioni nzima. Ni Januari 2018 tu ndipo lengo liliposhushwa kwa kishindo hadi milioni 7.55.

Sababu za kukosa zilikuwepo na zilijulikana. Wanunuzi, Marekani hasa, walikuwa wanahamia kwenye magari ya juu ya aina ya Tucson na Santa Fe, ilhali Hyundai ilikuwa bado imeegemea saluni kama Sonata na Elantra. Mwaka 2016 migomo ilisimamisha viwanda vyake Korea. Mwaka 2017 ukaja ugomvi kati ya China na Korea Kusini kuhusu mitambo ya Marekani ya kutungua makombora iliyowekwa Korea, na Wachina wakayakwepa magari ya Kikorea. Mauzo ya kundi nchini China yalianguka kwa zaidi ya theluthi. Huu wa mwisho hakuna mwenyekiti ambaye angeuona Januari. Lakini suala la saluni halikuwa siri. Yeyote aliyesimama kwenye yadi ya muuzaji wa magari aliona ni yapi yanaondoka na ni yapi yanapigwa jua.

Kinachonivutia zaidi ni lile lengo lenyewe lilivyokuwa peke yake. Ukimwambia meneja mauzo kwamba atapimwa kwa idadi ya magari, atakuletea idadi ya magari. Kiwanda huhesabu gari limeuzwa pale linapokwenda kwa wakala, si pale mama fulani anapoondoka nalo kwenda nyumbani. Kwa hiyo Desemba inapokaribia na hesabu haijatimia, njia rahisi ni kuwasukumia mawakala magari zaidi ya wanayoweza kuuza, kuongeza punguzo la bei, na kuyauza kwa mafungu kwa kampuni za kukodisha magari kwa faida ndogo. Karatasi inasoma vizuri tarehe 31 Desemba. Januari yadi zimejaa, wakala haagizi tena, na mauzo ya robo ya kwanza yanaanguka. Dalili yake huonekana bila kuwa mhasibu: ikiwa kila mwaka kampuni yako inauza sana Desemba na kulala Januari na Februari, basi mauzo ya mwaka mpya yaliazimwa na mwaka wa zamani.

Hapo tumegusa sehemu ya kwanza ya hotuba, ile ya kupitia mwaka uliopita, na haihitaji kwenda Korea kuielewa. Tuchukue mfano wa kubuni wa msambazaji wa vinywaji Mwanza. Mkurugenzi anasema mauzo yamepanda kutoka shilingi bilioni 10 hadi bilioni 11, ongezeko la asilimia 10, na watu wanapiga makofi. Lakini mwanzoni mwa mwaka bei ya kreti ilipanda kwa asilimia 7. Ukiondoa hiyo, kreti zilizotoka ghalani ziliongezeka kwa kama asilimia 3 tu. Sasa uliza kuhusu madeni. Kama mwaka ulianza wenye maduka wakidaiwa milioni 600 na umeisha wakidaiwa bilioni 1.5, basi katika ile bilioni moja ya nyongeza, milioni 900 bado ziko mifukoni mwa wateja. Mauzo yamekua, kampuni haina pesa, na mhasibu ndiye pekee ukumbini asiyetabasamu. Hakuna aliyesema uongo hapo. Mkurugenzi amechagua tu takwimu inayopendeza, na kila mkurugenzi huchagua.

Ndiyo maana ujumbe wa mwaka mpya wa Huawei wa mwishoni mwa Desemba 2019 ulinishangaza. Miezi michache kabla, Mei mwaka huo, Marekani ilikuwa imeiweka kampuni hiyo ya China kwenye orodha ya wanaozuiwa kununua teknolojia yake. Eric Xu, aliyekuwa zamu ya uenyekiti, aliwaambia wafanyakazi kwamba mapato yangefikia kama yuani bilioni 850, ongezeko la karibu asilimia 18. Angeweza kuishia hapo, kwani asilimia 18 ni neema. Akaongeza kwamba ni chini ya walivyotarajia mwanzoni mwa mwaka, kwamba 2020 ungekuwa mgumu, na kwamba jambo la kwanza katika mwaka huo lingekuwa kubaki hai. Bosi anayesema hivyo mbele ya watu wake, huku ameshika takwimu nzuri mkononi, anajua kitu. Mwaka 2021 mapato yalianguka kwa karibu asilimia 29.

Sasa malengo. Kwa nini matatu? Wengine watakwambia kichwa cha binadamu hakibebi zaidi, na pengine ni kweli. Mimi naona sababu nyingine ina uzito zaidi: lengo moja hudanganyika kirahisi, kama tulivyoona kwa magari ya Hyundai, lakini matatu yaliyochaguliwa kwa akili hulindana. Mfano bora ninaoujua hautoki Januari. Unatoka Tokyo, tarehe 18 Oktoba 1999.

Nissan wakati huo ilikuwa taabani. Katika miaka minane ilikuwa imepata hasara saba, na ilikuwa na deni la yeni trilioni 1.4 kwenye biashara ya magari. Machi mwaka huo Renault ya Ufaransa ilinunua asilimia 36.8 ya hisa zake na kumtuma Carlos Ghosn, mzaliwa wa Brazil mwenye asili ya Lebanoni, kwenda kuinusuru. Alifika Juni. Kwa miezi mitatu aliunda timu tisa zilizochanganya watu wa idara mbalimbali, mtu wa kiwanda na mtu wa manunuzi na mtu wa mauzo katika meza moja, wakatafute fedha inavujia wapi. Kisha akasimama mbele ya umma na kutaja malengo matatu. Kwanza, kampuni irudi kwenye faida katika mwaka wa fedha wa 2000, unaoanza Aprili kama desturi ya Japani. Pili, kufikia mwaka wa fedha wa 2002, faida ya uendeshaji iwe zaidi ya asilimia 4.5 ya mauzo. Tatu, ndani ya muda huohuo deni lishuke chini ya yeni bilioni 700, yaani nusu. Akaongeza neno ambalo wakurugenzi wengi hawalisemi: lengo mojawapo likikosekana, yeye na kamati yake ya utendaji watajiuzulu.

Angalia matatu hayo yanavyokabana. Unaweza kupata faida ya haraka kwa kukopa na kusukuma magari sokoni, lakini lengo la tatu linakukataza kukopa. Unaweza kulipa deni kwa kuuza viwanja na hisa ulizonazo, lakini kuuza mali hakuongezi faida ya uendeshaji, hivyo lengo la pili litakuumbua. Unaweza kuongeza mauzo kwa kushusha bei, na hapo tena asilimia 4.5 inapotea. Njia pekee inayotimiza yote matatu ni kutengeneza magari kwa gharama ndogo na kuyauza kwa bei inayolipa. Tena kila moja lilikuwa na tarakimu, tarehe, na mtu wa kuwajibika.

Bei yake haikuwamo katika malengo. Ilikuwa kwenye kurasa zilizofuata: ajira 21,000 zikipunguzwa kati ya 148,000, viwanda vitano kufungwa, kikiwemo kile kikubwa cha Murayama nje kidogo ya Tokyo, na wauzaji wa vipuri na malighafi kupunguzwa kutoka 1,145 hadi wasiozidi 600, tena waliobaki washushe bei. Hili ni la kulikumbuka ukiwa umekaa kwenye kiti chako cha plastiki. Lengo husemwa kwa sauti, na namna ya kulifikia husemwa baadaye, kwa barua. Ukisikia "kuongeza ufanisi" bila maelezo, subiri barua.

Malengo yote matatu yalitimia mwaka mmoja kabla ya muda. Hasara ya yeni bilioni 684 ya mwaka wa fedha wa 1999 iligeuka faida ya bilioni 331 mwaka uliofuata. Lakini hata hapa msomaji makini aweke alama ya kuuliza. Gharama nyingi za kufunga viwanda na kulipa stahiki za watu ziliingizwa kwenye vitabu vya mwaka wa kwanza, ule wa hasara. Ni halali, na bosi mpya karibu wote hufanya hivyo: mwaka wa kwanza unapakwa weusi wote ili unaofuata ung'ae. Kwa hiyo unaposikia hotuba ya bosi wa mwaka wake wa pili ikisifu mabadiliko makubwa, linganisha na miaka mitatu nyuma, usilinganishe na mwaka mmoja tu.

Mpango uliofuata uliitwa Nissan 180, na jina lenyewe lilibeba malengo: 1 ilikuwa magari milioni moja ya ziada kwa mwaka, 8 ilikuwa faida ya asilimia 8, na 0 ilikuwa deni sifuri. Mlinzi wa geti aliweza kuyakariri. Deni liliisha na faida ikapita asilimia 8 mapema. Kazi ilibaki kwenye ile milioni moja, ambayo tarehe yake ya mwisho ilikuwa 30 Septemba 2005. Kampuni ilipanga magari mapya yaingie sokoni kabla ya tarehe hiyo, ikasukuma kwa nguvu zote, na idadi ikapatikana. Baada ya hapo mauzo ya Japani yakalegea, kwa kuwa wateja wa kesho walikuwa wameshanunua jana na hapakuwa na gari jipya la kuwavuta wengine. Mwaka wa fedha wa 2006 faida ya uendeshaji ilishuka, kwa mara ya kwanza tangu ukombozi wa 1999. Ugonjwa ni uleule wa Desemba tuliouona, safari hii umehamia Septemba. Lengo lenye tarehe ya mwisho huchota kutoka siku zinazofuata, na tiba yake ni kupima pia miezi sita baada ya tarehe.

Na siku ya mwaka 2011 walipotangaza mpango mwingine, Power 88, wa kufikia asilimia 8 ya soko la dunia na asilimia 8 ya faida kabla ya Aprili 2017, kile kigezo cha deni kilichokuwa kikiwashika mkono hakikuwepo tena. Soko kubwa na faida kubwa huvutana, kwa kuwa soko hununuliwa kwa punguzo la bei. Muda ulipoisha, yote mawili yalikuwa yamekosekana. Yaliyompata Ghosn baadaye, kukamatwa Tokyo Novemba 2018 kwa tuhuma anazozikana na kutoroka kwake kwenda Beirut mwishoni mwa 2019, ni habari nyingine.

Turudi Mwanza kwa msambazaji wetu wa vinywaji. Mkurugenzi wake, kama wengi, anataja malengo haya: kuongeza mauzo, kuboresha huduma kwa wateja, kupunguza gharama. Yanasikika vizuri, na ndiyo shida yake, kwani hakuna mtu duniani anayetaka kinyume chake. Ukiyaweka pamoja utaona la pili na la tatu yanagombana. Huduma nzuri maana yake lori lifike dukani mara mbili kwa wiki badala ya moja, na lori hilo linakunywa dizeli. Asiposema ni lipi linatangulia, uamuzi unashuka hadi kwa dereva na msimamizi wa ghala, ambao watalaumiwa kwa lolote watakalochagua.

Angeweza kusema hivi: kufikia mwisho wa Juni, madeni ya wenye maduka yashuke kutoka bilioni 1.5 hadi milioni 800. Kreti zinazotoka ghalani, si shilingi, ziongezeke kwa asilimia 5 kufikia Desemba. Na maduka yanayoishiwa soda kabla ya lori kurudi yasizidi 10 katika kila 100, yahesabiwe kila Ijumaa. Sasa muuzaji hawezi kufikisha idadi ya kreti kwa kugawa mali kwa mkopo, maana madeni yanamzuia. Wala mkusanya madeni hawezi kufunga mkono kwa kila mtu, maana rafu tupu zitahesabiwa. Na dereva anajua Ijumaa atapimwa kwa nini. Kama mkurugenzi atasema bonasi yake mwenyewe imefungwa kwenye matatu hayohayo, hapo ndipo ningepiga makofi ya kweli.

Hyundai nayo ilibadilika. Mwaka 2019 hotuba ya mwaka mpya ilitolewa na mtoto wa mwenyekiti, Chung Eui-sun, na Januari 2023 aliifanyia katika kituo cha utafiti cha Namyang kwa mtindo wa kikao, wakuu wakijibu maswali ya wafanyakazi. Muhimu zaidi ni kilichotokea kwenye hesabu. Mwaka 2023 kundi liliuza magari kama milioni 7.3, pungufu kwa karibu laki tisa kulinganisha na ile ndoto ya Januari 2015. Lakini magari hayo yalikuwa ya bei ya juu zaidi, na faida ya uendeshaji ya Hyundai na Kia kwa pamoja, kama woni trilioni 26.7, ikawa kubwa kuliko mwaka wowote uliotangulia.

Basi Januari hii, kabla hujaenda kantini, tafuta hotuba ya mwaka jana, kwenye barua pepe au kwa yule mwenzako anayeandika kila kitu kwenye daftari. Angalia ni lengo gani halitajwi tena, hata kwa kisingizio. Na ikifika zamu ya maswali, usiulize kuhusu nyongeza kwanza. Simama, msalimie mkurugenzi kwa heshima, kisha muulize: kati ya haya matatu, fedha zikipungua mwezi wa sita, lipi litaachwa?